Meneja, Mhariri na Mtazamaji: Nani Anaona Nini Ndani ya Chaneli ya YouTube

Tarehe 23 Machi 2023, wafuasi wa Linus Tech Tips waliamka na kukuta mambo ya ajabu. Chaneli hiyo ya Kanada, inayochambua kompyuta na yenye wafuasi zaidi ya milioni 15 wakati huo, ilikuwa imebadilishwa jina na kuitwa Tesla. Ilikuwa inarusha mubashara video ya Elon Musk, na pembeni kulikuwa na matangazo ya kuwavuta watu watume sarafu za kidijitali kwa ahadi ya kurudishiwa maradufu. Video za zamani ambazo wenyewe walizificha zilianza kuonekana hadharani. Baadaye chaneli nzima ikafungwa.

Mwenye chaneli, Linus Sebastian, alisimulia kisa hicho kwenye video siku iliyofuata. Aliamshwa usiku wa manane, akakimbilia kompyuta, akaficha matangazo ya matapeli, akabadilisha ufunguo wa kurushia matangazo na kubadilisha nywila. Haikusaidia. Kila alipozima, wenzake wa upande wa pili waliwasha tena. Tatizo lilikuwa kwamba kampuni ilikuwa na watu wengi wenye ruhusa za kuingia, na usiku ule haikujulikana mlango uliotumika ni wa akaunti ya nani. Ilikuja kubainika kuwa mfanyakazi mmoja alifungua faili lililojifanya ni barua ya mdhamini. Ndani yake kulikuwa na programu iliyozoa taarifa za kivinjari chake, pamoja na alama inayouambia mtandao kwamba mtu huyu ameshaingia. Mwizi mwenye alama hiyo haulizwi nywila wala namba ya uthibitisho.

Kampuni ya Kanada yenye wataalamu wa kompyuta ilihangaika kwa saa kadhaa kutafuta akaunti moja. Afrika Mashariki chaneli nyingi zinaendeshwa na kwaya, vikundi vya taarabu, madrasa, vilabu vya mpira na wachekeshaji wachanga, na mara nyingi anayejua orodha ya wenye ruhusa ni yule aliyefungua chaneli miaka mingi iliyopita. Kuipata orodha hiyo ni kazi ya dakika chache. Kinachohitaji umakini zaidi ni kuisoma, kwa sababu majina ya vyeo yaliyomo hayasemi waziwazi mwenye cheo anaona nini.

Mahali orodha ilipo

Kwenye kompyuta, mtu hufungua studio.youtube.com, kisha hubonyeza Settings chini upande wa kushoto na kuchagua Permissions. Hapo hutokea dirisha lenye mistari. Kila mstari una jina la mtu, barua pepe yake na cheo chake. Wa juu kabisa ni Owner, yaani mmiliki. Mtu aliyealikwa lakini bado hajakubali huonekana pia, na mwaliko wake huisha baada ya siku 30. Kitufe cha Invite ndicho cha kumwongeza mtu. Cheo cha mtu hubadilishwa, au ruhusa yake kuondolewa, kwa kubonyeza cheo hicho kwenye mstari wake na kisha kuhifadhi.

Asiyeona kitu cha kubadilisha hapo ana moja ya sababu mbili. Huenda cheo chake hakimruhusu kugusa ruhusa za wengine, maana kazi hiyo ni ya Owner na Manager tu. Au chaneli yake bado iko kwenye mfumo wa zamani unaoitwa Brand Account, ambao orodha yake haipo Studio. Ipo kwenye ukurasa wa akaunti ya Google, myaccount.google.com/brandaccounts. Chaneli nyingi za vikundi zilizofunguliwa miaka ya nyuma ziko huko, na ndiko watu wengi husahaulika.

Manager

Meneja hufanya karibu kila kitu anachofanya mmiliki. Hupakia video, huzichapisha na kuzifuta, hata zile zilizokaa hewani miaka 5. Huendesha matangazo mubashara, hubadilisha jina na picha ya chaneli, huona takwimu zote pamoja na mapato. Zaidi ya yote, huweza kuingiza watu wengine na kuwatoa. Asichoweza ni kuifuta chaneli yenyewe.

Uwezo huo wa kuingiza watu ndio unaokifanya cheo hiki kuwa kizito kuliko vyote baada ya umiliki. Akaunti ya Meneja ikiibwa, mwizi hana haja ya kubaki nayo. Anaalika akaunti yake mwenyewe, anatulia, na siku mwenye simu atakapobadilisha nywila kwa furaha, mwizi ameshahamia mstari mwingine wa orodha. Kwa sababu hiyo, anayekagua chaneli iliyowahi kuingiliwa huanza kwa kutafuta barua pepe ambayo hakuna mtu kikundini anayeitambua. Kubadilisha nywila bila kusafisha orodha ni kazi nusu.

Editor

Watu wengi wakisikia Editor hudhani ni fundi wa kukata na kuunga video. YouTube inamaanisha zaidi ya hapo. Editor hupakia na kuchapisha video, hubadilisha vichwa vya habari na maelezo, huendesha matangazo mubashara, na huona taarifa zote za chaneli. Zote ni pamoja na pesa. Akifungua sehemu ya Analytics atakuta kichupo cha mapato, na humo ataona chaneli iliingiza kiasi gani mwezi uliopita na ni video ipi iliyolipa zaidi.

Vizuizi vyake viko kwenye kuharibu na kufunga mikataba. Hawezi kufuta video iliyokwisha kuchapishwa, ingawa rasimu anaweza kuzifuta. Hawezi kufuta tangazo mubashara lililopangwa au lililomalizika, wala kubadilisha ufunguo wa kurushia. Hawezi kuingiza mtu wala kumtoa, na hawezi kuifunga chaneli kwenye mkataba.

Kwa kikundi ambacho pesa za YouTube ni siri ya kamati, mshangao huanzia hapa. Kijana aliyepewa Editor apakie nyimbo za Jumapili anajua mapato ya kwaya kuliko wajumbe wengi wa kamati, na hajavunja kanuni yoyote. Cheo ndicho kilichomwonyesha.

Dawa ipo, nayo ni ngazi nyingine ya uhariri iliyowekewa neno Limited mbele yake. Mwenye ngazi hiyo hufanya kazi zilezile za Editor, lakini kichupo cha mapato hakimfungukii, wala mapato yanayotokana na gumzo la matangazo mubashara. Takwimu za kichupo cha Audience, kinachoeleza hadhira ni ya watu gani, nazo hazioni. Hilo la mwisho lina gharama yake. Fundi anayetaka kujua watazamaji wengi wako Oman au Mombasa ili apange saa ya kupakia atalazimika kumuuliza mwenye cheo cha juu.

Wanaoangalia bila kugusa

Chini ya wahariri wako Viewer, watazamaji wa ndani. Huyu hagusi chochote, ila huona karibu kila kitu, mapato yakiwemo. Huweza kufuatilia tangazo mubashara hata kabla halijaanza, na huona mipangilio yake yote isipokuwa ufunguo wa kurushia. Ni cheo kinachomfaa mweka hazina au mkaguzi wa hesabu. Nacho kina ngazi yake ya Limited, inayoficha mapato na kichupo cha hadhira, ambayo humfaa mtu wa matangazo ya biashara anayetaka kuona idadi ya watazamaji bila kujua kikundi kinalipwa nini.

Kuna pia Subtitle editor, ambaye kazi yake inaishia kwenye manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya video. Huyaandika, huyahariri, huyachapisha na kuyafuta. Kikundi kinachotafsiri mashairi yake kwa Kiarabu au Kiingereza hakina sababu ya kumpa mtafsiri zaidi ya hapo.

Kwa vyeo vyote hivi mtazamaji wa nje hajui ni nani aliyefanya nini. Anayejibu maoni kwa niaba ya chaneli huonekana kwa jina la chaneli. Mzozo ukitokea kuhusu jibu la matusi lililotoka usiku, orodha ya vyeo itasema ni nani waliokuwa na uwezo wa kuandika, basi.

Kwaya moja, akaunti sita

Chukua mfano wa kwaya ya mtaani yenye chaneli iliyofunguliwa mwaka 2016 kwa Brand Account. Katibu mpya ameombwa na kamati ahakiki nani anaingia. Anafungua Studio, anabonyeza Permissions, haoni orodha ya kawaida bali maelezo ya kuhamisha ruhusa. Anaelekea kwenye ukurasa wa Brand Account, anachagua jina la kwaya, anafungua usimamizi wa ruhusa. Hapo anakuta akaunti sita.

Ya kwanza ni ya katibu wa zamani aliyefungua chaneli, na pembeni yake pameandikwa Primary owner, mmiliki mkuu. Ya pili ni yake mwenyewe, Owner. Nne zilizobaki zote ni Manager: mwalimu wa kwaya, mweka hazina, fundi video, na studio ya picha za harusi iliyowahi kurekodi albamu moja na kumaliza kazi.

Kuwa na Meneja wanne si uzembe wa katibu wa zamani. Mfumo ule wa zamani hauna Editor wala Viewer. Una wamiliki, mameneja, na cheo cha mawasiliano ambacho hakifai kwa kazi za YouTube. Aliyetaka msaada wa kupakia video moja alikuwa na njia mbili tu: amfanye mtu Meneja au ampe nywila yake. Ndiyo maana chaneli za zamani zimejaa mameneja ambao kazi yao ilikuwa ya siku mbili.

Katibu anaanza na ile isiyo na mjadala. Studio ya harusi haina kazi tena, anaiondoa palepale. Hakuna ugomvi humo, na kama kutakuwa na albamu nyingine wataalikwa tena.

Hatua ya pili ni umiliki mkuu, na hapa haraka haisaidii. Mmiliki mkuu ndiye pekee anayeweza kuihamisha chaneli kwenda mfumo mpya wa Studio. Kama katibu wa zamani amehamia mkoa mwingine na hapokei simu, kwaya imekwama. Kwa bahati huyu anapatikana. Anakubali kumpa mwenyekiti nafasi hiyo, lakini Google haimruhusu mtu kuwa mmiliki mkuu kabla hajakaa angalau siku 7 akiwa Owner. Kwa hiyo mwenyekiti anaalikwa kwanza kama Owner, anakubali mwaliko kwenye barua pepe yake, kisha wanasubiri juma zima. Kusubiri huko kunamlinda mwenye chaneli pia, kwa kuwa mwizi aliyejiingiza leo hawezi kujitawaza kesho.

Siku hizo 7 zikipita, katibu wa zamani anaingia, anabadilisha cheo cha mwenyekiti kuwa Primary owner. Mwenyekiti sasa anafungua Studio, anakwenda Permissions, anachagua Move permissions. Kabla hajathibitisha anapaswa kuwa na karatasi yenye barua pepe za wote mkononi, kwa sababu waliokuwa kwenye orodha ya zamani wanapaswa kualikwa upya kwa vyeo vipya.

Kamati inakaa na kugawa. Katibu mpya anapewa Manager, ili mwenyekiti akisafiri awepo mtu wa kuondoa akaunti iliyoibwa. Mwalimu wa kwaya hupakia nyimbo na kuendesha ibada mubashara, na kamati haina shida akijua mapato, basi ni Editor. Fundi video analipwa kwa kazi na hana haja ya kujua kwaya inaingiza nini, anapewa Editor ya Limited. Mweka hazina anapewa Viewer. Katibu wa zamani anashukuriwa na kuachwa nje.

Fundi anapoingia mara ya kwanza analalamika kwamba kuna kitu kimeharibika, kwani zamani aliona kichupo cha mapato na sasa hakipo. Hakijaharibika. Na hiyo ndiyo njia rahisi ya kupima kama cheo kimekaa sawa: mtu mwenyewe afungue Analytics mbele ya katibu, wahesabu vichupo pamoja.

Mweka hazina naye ana swali lake. Anaona kiasi kwenye Studio, mbona haoni akaunti ya benki? Kwa sababu haipo hapo. Malipo hupitia AdSense, ambayo ina kuingia kwake na orodha yake ya watumiaji. Cheo cha YouTube, hata Manager, hakimfungulii mtu AdSense. Anachokiona mweka hazina kwenye Studio ni makadirio, na hesabu ya mwisho ndiyo inayolipwa, kwa kawaida kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi, deni likiwa limefika dola 100. Katibu anayekagua chaneli bila kuuliza AdSense iko kwa barua pepe ya nani amekagua jukwaa akaacha sanduku la fedha.

Wasioonekana kwenye orodha

Orodha ikiwa safi, bado kuna watu wanaoweza kuingia bila kuwa na mstari wowote.

Wa kwanza ni waliopewa nywila. Kama mmiliki aliwahi kumwandikia fundi nywila yake kwenye WhatsApp, fundi huyo anaingia kama mmiliki mwenyewe, na Permissions itaonyesha akaunti moja tu ya Owner. Dalili zake hupatikana myaccount.google.com/device-activity, ambako Google huorodhesha vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Mmiliki anayetumia simu moja na kompyuta ya ofisini akikuta kifaa cha tatu asichokijua, anakitoa kwanza, kisha anabadilisha nywila. Tangu tarehe 1 Novemba 2021 YouTube inawataka wenye chaneli zinazolipwa wawashe uthibitishaji wa hatua mbili kabla ya kuingia Studio. Hilo humzuia aliyeiba nywila. Kama Linus Sebastian alivyojifunza, halimzuii aliyeiba alama ya kivinjari kilichokwisha kuingia, na ndiyo maana kukitoa kifaa ni muhimu kuliko kubadilisha neno.

Wa pili ni programu zilizounganishwa. Kuna vifaa vya kupanga muda wa video, kurusha mubashara au kusoma takwimu ambavyo mtu huviruhusu mara moja na kuvisahau. Ziko myaccount.google.com/connections, kila moja ikieleza inaruhusiwa kufanya nini. Katika ukurasa huo, programu inayoruhusiwa kusimamia akaunti ya YouTube si sawa na ile inayotazama tu.

Wa tatu ni mwenye ufunguo wa kurushia. Huu ni mfuatano wa herufi na namba unaobandikwa kwenye programu ya kurushia matangazo. Studio ya nje iliyorusha tamasha la Pasaka inaweza kuwa nao hadi leo kwenye kompyuta yake, hata kama cheo chake kilifutwa. Meneja au mmiliki huubadilisha kwenye chumba cha matangazo mubashara kwa kubonyeza Reset, na ule wa zamani hufa papo hapo. Kwa kuwa Editor haruhusiwi kuubadilisha, jambo hili husahaulika pale mwalimu wa kwaya anapoachiwa kila kitu.

Wasimamizi wa maoni nao hawamo kwenye Permissions. Wako sehemu nyingine ya Settings inayohusu jamii ya chaneli, na kazi yao ni kwenye maoni na gumzo. Hawaingii Studio ya chaneli wala hawaoni mapato, hivyo hatari yao ni ndogo, lakini mtu aliyegombana na kikundi anaweza kubaki akificha maoni ya watu kwa miezi.

Lini kukagua

Oktoba 2021 kitengo cha usalama cha Google kilieleza kuwa tangu mwishoni mwa mwaka 2019 kilikuwa kikipambana na matapeli wanaowatumia wenye chaneli barua za ushirikiano wa uongo. Chaneli zilizoibwa ziliuzwa sokoni kati ya dola 3 na dola 4,000, kutegemea wingi wa wafuasi, na nyingine zilitumika palepale kurusha utapeli wa sarafu. Google ilisema ilikuwa imerudisha akaunti zipatazo 4,000. Barua hizo hulenga anuani ya biashara inayoonyeshwa hadharani kwenye chaneli, na anayezifungua mara nyingi ni mtu anayetafutia kikundi wadhamini.

Kwa kwaya ya mfano wetu, jambo hilo lilibadilisha uamuzi mmoja. Anayejibu barua za wadhamini alikuwa katibu mpya, kwa kompyuta ileile anayotumia kuingilia Studio kama Manager. Kamati ilihamisha kazi ya barua kwa mjumbe asiye na cheo chochote kwenye chaneli. Faili likija na balaa, kivinjari kitakachoibwa hakitakuwa na mlango wa kwaya. Nafasi za ukaguzi ziliwekwa mbili: siku mtu anapoondoka kwenye kamati, na siku kazi ya mtu wa nje inapokwisha. Siku hiyo katibu hufungua Permissions, hutoa mstari, hubadilisha ufunguo wa kurushia kama mtu huyo aliwahi kurusha, kisha huandika kwenye daftari la mihtasari jina, cheo kilichoondolewa na tarehe.